Mstari wa kwanza si mahali pa hotuba

Mwanachama wa kikoba anapokea meseji kutoka kwa katibu wake: hesabu za kikundi sasa zinawekwa kwenye simu, pakua programu hii uangalie hisa zako. Anaipakua kwa bando lake, anasubiri, anaifungua. Skrini inamwambia: "Jifunze kuweka akiba kwa nidhamu na ubadilishe maisha yako."

Mtu huyu hununua hisa kila Jumamosi. Asipohudhuria, hulipa faini. Analijua sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, na anawajua kwa majina watu watatu wanaoshika funguo zake. Nidhamu ya akiba ndiyo iliyomfikisha kwenye programu hii, na sasa programu isiyojua hata jina lake inamfundisha nidhamu.

Aliyeandika mstari ule hakukusudia kumdharau mtu. Alitaka kueleza faida ya kazi yake, akashika kitenzi kilichomjia haraka. Lakini kila kitenzi tunachomwelekezea mtu hubeba dhana fulani juu ya hali yake. Ukimwambia "jifunze", umeshasema hajui. Ukimwambia "badilisha maisha yako", umeshasema maisha aliyonayo hayatoshi. "Hakikisha" inamdhania uzembe, "acha" inamdhania tabia mbaya, "elewa" inamdhania kichwa kizito. Maneno haya yana mahali pake darasani, na pengine hata ndani ya programu hiyohiyo baada ya mtu kuomba msaada. Mlangoni hayafai, kwa sababu mwenye nyumba bado hajui lolote kuhusu aliyefika.

Watu wengi wanaoandika maneno ya skrini hudhani tatizo ni hali ya kuamrisha yenyewe, kwa hiyo wanaipaka "tafadhali" ili ilainike. Hailainiki. "Tafadhali jifunze kuweka akiba" inauma kuliko ile ya kwanza, maana sasa inasikika kama subira ya mtu aliyechoka na wewe. Kwa upande mwingine, amri tupu kama "Andika namba yako" haimuudhi mtu yeyote, kwa sababu haisemi kwamba ana upungufu. Inamwonyesha tu pa kuanzia. Kwa hiyo mimi nikisoma mstari wa kwanza wa programu yoyote najiuliza swali moja: mstari huu unasema mtu huyu amepungukiwa na nini? Jibu likipatikana, mstari ule ni mahubiri, hata ukiwa na maneno matamu kiasi gani.

Yapo mahubiri ya aina ya pili ambayo hayana amri hata moja. Nayo ni haya: "Suluhisho bora, salama na la kisasa la kidijitali kwa usimamizi wa fedha za vikundi." Hapa programu inajitangaza, na aliyefika hayumo kabisa. Katika Kiswahili jambo hili ni rahisi kulibaini, kwa kuwa anayeambiwa huingia ndani ya neno lenyewe: utamkuta kwenye "zako", kwenye "utaona", kwenye "tumekuwekea". Ukiupekua mstari wote usimpate popote, ujue uliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyo ni mkurugenzi, au mfadhili, au kikao. Mmoja alisema neno "salama" lisikose, mwingine akataka "kisasa", wa tatu akakumbusha kwamba mradi ni wa "vikundi", na mwandishi akawa karani wa kuyaunganisha. Mstari wa namna hiyo hauwezi kuponywa kwa kubadilisha neno moja. Inabidi kuurudisha mezani na kumwomba kila mmoja aondoe neno lake.

Kuna sababu nyingine inayofanya hotuba ya mwanzo iwachoshe watu wetu upesi. Wengi walizoea huduma za fedha kwa simu kabla hawajashika simu janja. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania 2008, na hapa Tanzania watu walizoea kupiga *150*00#, kusoma orodha fupi na kuchagua namba. Menyu za aina hiyo hubanwa na mtandao wenyewe: ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, na ukichelewa kujibu, mazungumzo yanakatika. Hakuna nafasi ya kumhubiria mtu. Anayetaka kutuma pesa anaona maneno ya kutuma pesa, basi. Mtu aliyelelewa na menyu hiyo anapofungua programu yenye kurasa tatu za picha za watu wanaotabasamu, kila moja na nasaha yake, kidole chake kinatafuta "Ruka" kabla jicho halijasoma neno. Si kwamba hana subira. Amezoea huduma inayokwenda moja kwa moja kwenye shida yake, na hana sababu ya kukubali pungufu ya hapo kwa kuwa tu skrini imekuwa kubwa na ya rangi.

Tatizo ni kwamba menyu ile haikaribishi. Haina ukali, lakini haina uso. Programu ya simu inayo nafasi ya kufanya vizuri zaidi, na hapo ndipo salamu inapoingia.

Salamu kwa Kiswahili ina mitego yake. Hatuna kiwakilishi tofauti cha heshima; heshima yetu tunaiweka kwenye uchaguzi wa salamu, na uchaguzi huo unategemea umri na uhusiano. Simu haijui umri wa aliyeishika. Haiwezi kusema "Shikamoo", maana huenda aliyefungua ni binti wa miaka 19. Haiwezi kusema "Mambo vipi", maana huenda ni mama mwenye wajukuu ambaye hata mwanawe wa kumzaa hathubutu kumwambia hivyo. "Habari yako" na "Hujambo" ni salama kidogo, ila zinadai jibu, na skrini haina mahali pa kujibu. "Habari za asubuhi" inategemea saa ya simu, ambayo kwa baadhi ya watu haijawahi kurekebishwa. "Rafiki yetu" ni urafiki wa kudandia. Ukizipitia zote utaona kwa nini "Karibu" imedumu: haiulizi umri, haidai jibu, na inafaa saa yoyote. Iache ilivyo. Haihitaji alama tatu za mshangao wala kijipicha cha mkono unaopunga. Asiyeona vizuri anayetumia kisoma-skrini husomewa kwanza maelezo ya kijipicha hicho ndipo afike kwenye salamu.

Wapo wanaopenda kumwita mtu kwa jina. Kwenye skrini ya kwanza kabisa programu hailijui jina hilo, na ikilazimisha, hutokea ile aibu ya "Karibu, null", ambayo ni nafasi ya jina iliyobaki tupu na mashine ikaiandika kwa lugha yake. Hata baadaye, jina likivutwa kutoka kwenye usajili wa laini, huja yote matatu kwa herufi kubwa, na hakuna anayeitwa kwa majina matatu kwa herufi kubwa isipokuwa na ofisi. Jina lisubiri mpaka mwenyewe aandike anavyopenda kuitwa.

Sasa turudi kwenye kikoba tuandike mstari wenyewe. Kabla ya kuchagua neno lolote, jiulize ni nani anafungua na amekuja kufanya nini. Kikundi cha watu 25 kina katibu mmoja na wanachama 24 wasiokuwa makatibu. Katibu amekuja kuandikisha kikundi. Mwanachama amekuja kuona mambo matatu kwa mpangilio huu: hisa zake ni ngapi, mkopo wake umebaki kiasi gani, na kama fedha aliyotoa Jumamosi iliyopita imeandikwa. Ukitaka kuwahudumia wote wawili kwa mstari mmoja utarudi kwenye "usimamizi wa fedha za vikundi". Afadhali kumchagua mwanachama, kwa kuwa ndiye mwingi na ndiye asiyejua programu hii inamtaka nini, kisha chini kabisa ya skrini kuweka maneno madogo kwa ajili ya mwingine: "Mimi ni katibu, nataka kuandikisha kikundi."

Jaribio la kwanza: "Karibu kwenye" likifuatiwa na jina la programu. Halina kosa, lakini halijasema kitu. Jina alishaliona kwenye meseji, akaliona wakati wa kupakua, na liko kwenye nembo juu ya skrini hiyohiyo.

Jaribio la pili: "Karibu. Tuangalie hisa zako." Hili limechangamka. Linataja kitu chake, kwa neno linalotumika kikaoni, si "akiba" wala "uwekezaji" bali "hisa". Na ile "tu" ni ya mweka hazina anayefungua daftari mbele yako. Lakini msomee mwanachama wa kweli, uone anavyosita. Tuangalie, mimi na nani? Hisa ni jambo ambalo baadhi ya watu hawamwambii hata jirani wa ukuta mmoja. Wingi uliokusudiwa kuleta ukaribu unaweza kusikika kama watu waliojaa begani wakichungulia. Kwenye programu ya kujifunza kupika ningeuacha. Kwenye fedha nauondoa.

Jaribio la tatu: "Karibu. Hapa utaziona hisa zako." Sasa kila kitu kimekaa. Kuna salamu, kuna mahali, kuna kitu alichokifuata, na mwenye macho ni yeye peke yake. Hakuna anayefundishwa wala anayesifiwa. Chini yake kunafuata maelekezo, tena amri tupu isiyoogopa kuwa amri: "Weka namba ya simu uliyompa katibu." Kisha kitufe: "Endelea".

Mstari huu una herufi 32 ukihesabu na nafasi, na hesabu hiyo si ya kupuuza. Simu nyingi za Android huhesabiwa na watengenezaji kuwa na upana wa vipimo 360 hivi. Ukiacha ukingo wa 24 kila upande na kutumia maandishi makubwa ya kichwa ya kipimo cha 24, mstari mmoja unabeba herufi kama 25 tu. Kiswahili huunganisha mengi katika neno moja, kwa hiyo neno kama "tunakukaribisha" linameza zaidi ya nusu ya mstari peke yake na kuusukuma mwenzake chini. Mwenye macho hafifu anaongeza ukubwa wa maandishi. Kuanzia Android 14 anaweza kuyafikisha asilimia 200. Hapo kichwa kilichokuwa cha mistari miwili kinaweza kuwa cha mistari minne, na kibodi ikifunguka, mstari wa kwanza ndio unaotoweka juu ya skrini. Jaribu kwenye simu yenye maandishi yaliyokuzwa hadi mwisho, si kwenye kompyuta ya ofisini. Kichwa kikifika mistari mitatu kwenye ukubwa wa kawaida, kimezidi.

Neno "utaziona" ni ahadi, na ahadi inahitaji mtu wa kuitimiza. Mwanachama akiweka namba yake, akapokea namba ya uthibitisho kwa meseji na kuiandika, skrini inayofuata lazima imwonyeshe hisa. Ikimwomba kwanza namba ya kitambulisho cha NIDA yenye tarakimu 20, picha ya uso na kazi anayofanya, basi salamu ilikuwa chambo. Kama sheria inadai taarifa hizo kwa ajili ya mikopo, ziombwe anapokwenda kuomba mkopo. Pia fikiria siku ambayo katibu alikosea tarakimu moja. Programu itatafuta namba na kuikosa. Hapo ndipo "Taarifa ulizoweka si sahihi" hutokea, na mtu aliyekaribishwa sekunde thelathini zilizopita anaambiwa amekosea namba yake mwenyewe. Afadhali: "Namba hii haijaonekana kwenye kikundi chochote. Mwulize katibu aliandika namba gani." Mwandishi wa mstari wa kwanza anapaswa kuiandika na sentensi hiyo, kwa mkono uleule, siku ileile.

Wanasheria watauliza masharti yako wapi. Wana haki kuuliza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtu anapaswa kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Lakini kumjulisha mtu si lazima kuanze kabla ya salamu. Sentensi moja inayosomeka, karibu na kitufe, inafanya kazi hiyo vizuri kuliko aya ndefu juu ya skrini: "Tunatumia namba yako kukutafutia kikundi chako. Soma masharti." Vivyo hivyo onyo la kutompa mtu namba ya siri. Ni onyo zito, na uzito wake unapotea likiwekwa mwanzoni, ambapo bado hakuna namba ya siri. Liweke kwenye skrini anapoitunga. Hapo lina kitu cha kulinda, naye ana sababu ya kulisikia.

Namna ya kujua kama mstari umefaulu ni kumwonyesha mtu asiyeijua programu. Mpe simu kwa sekunde tano, ichukue, kisha uliza: "Imekuambia nini?" Usimuulize kama ameipenda, maana watu wetu ni wastaarabu na watasema nzuri. Sikiliza kitenzi atakachotumia. Akisema "imenikaribisha, nitaona hisa zangu", umefika. Akisema "inataka nijisajili", kitufe chako kimeishinda salamu. Akisema "ni mambo ya kuweka akiba", amesikia tangazo. Kisha mrudishie simu umuulize akibonyeza pale kutatokea nini. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya skrini, na kwa mstari mmoja hiyo ni hesabu nzuri. Ila wachague kutoka kikobani: mmoja mzee, mmoja anayesoma kwa shida, mmoja aliyelazimishwa na katibu. Wafanyakazi wenzako hawafai kwa jaribio hili, kwa kuwa wanajua jibu.

Hesabu za mashine zina msaada, na zina mipaka. Unaweza kuona ni wangapi walifungua programu mara ya kwanza na wangapi wakaweka namba, halafu ukaonyesha nusu yao mstari huu na nusu ule. Lakini tuseme kila upande una watu 100, mmoja ukapata 60 na mwingine 64. Ni rahisi kushangilia ule wa 64. Kwa idadi hiyo, kila tokeo linaweza kupotoka kwa takriban watu 10 juu au chini kwa bahati tu, kwa hiyo tofauti ya wanne haisemi kitu. Programu ya vikundi vichache haitapata watu wa kutosha kwa mashindano ya namna hiyo kwa muda mrefu. Watu watano na masikio yako watakufaa zaidi.

Jambo la mwisho ni la mtu asiyekuwa mgeni. Simu zinaibwa, zinaanguka kwenye maji, zinabadilishwa. Mwanachama wa miaka miwili anapoweka programu kwenye simu mpya, skrini ya kwanza inamwona kama aliyefika leo. Mstari wetu unamhudumia bila kubadilika, kwa sababu haukumwita mgeni wala haukumwambia kwamba ndiyo kwanza anaanza safari ya akiba. Anaweka namba ileile, anaziona hisa zake. Na siku zote nyingine, simu ikiwa ni ileile, mstari huo usionekane tena. "Karibu tena" kila Jumamosi ni mstari mmoja unaoisukuma chini hesabu aliyokuja kuisoma. Akifungua, akutane moja kwa moja na idadi ya hisa zake, salio la mkopo, na tarehe ambayo katibu aliandika mara ya mwisho.